Shamba Moja, Hesabu Tatu: Kukata na Kujaza Udongo Katika Jaruba la Mpunga

Katika skimu nyingi za mpunga, ugomvi wa kusawazisha mashamba hausikiki siku trekta linapoingia shambani. Husikika siku ya malipo. Mkandarasi anadai amehamisha mita 200 za ujazo, mpimaji wa skimu anasema ni 162, na mtaalamu aliyeletwa kusuluhisha anapata 89. Wote wametumia vigingi vilevile na vimo vilevile. Wanachama wa ushirika, ambao ndio wanaolipa, hubaki wakiamini kwamba mmoja wao ni mwizi na mwingine hajui kazi.

Mara nyingi hakuna mwizi. Kuna maswali matatu yaliyochanganywa kuwa moja: kigingi kimoja kinawakilisha eneo gani, udongo unaokatwa na unaojazwa ndani ya mraba uleule uhesabiwe vipi, na udongo wa ziada unaotakiwa ukatwe ni wa kazi gani. Kila swali lina majibu yanayoshindana, na kila jibu lina gharama yake. Ili kuyatenganisha, tuchukue jaruba moja na tulihesabu hadi mwisho.

## Jaruba la mfano

Jaruba letu lina urefu wa mita 60 na upana wa mita 40, yaani mita za mraba 2,400. Ni dogo kidogo kuliko kipande cha kawaida cha Lower Moshi, ambako mashamba yalipangwa kwa vipande vya mita 100 kwa 30. Mpimaji amesimika vigingi kila baada ya mita 20, kuanzia pembeni kabisa mwa shamba. Kwa hiyo ana mistari mitatu ya vigingi vinne, na kati yake miraba sita ya mita 20 kwa 20. Vimo, kwa mita juu ya alama ya kudumu iliyo kwenye mfereji mkuu, ni hivi:

```
        1      2      3      4
A   10.30  10.34  10.28  10.16
B   10.36  10.48  10.40  10.20
C   10.22  10.30  10.24  10.08
```

Ukivitazama kwa makini utaona umbo la shamba. Kuna mgongo unaopita katikati, wenye kilele kwenye B2, na ardhi inashuka kuelekea kona ya C4. Tofauti kati ya juu kabisa na chini kabisa ni sentimita 40. Mpunga unataka maji ya kina kinachofanana jaruba zima, na kiasi kinacholengwa mara nyingi ni shamba lisilopanda wala kushuka zaidi ya sentimita 5 kutoka usawa uliokusudiwa. Hapa, mche ulioko B2 ungekuwa pakavu wakati ule wa C4 umezama.

## Kigingi kinabeba eneo gani

Hatua ya kwanza ni kupata usawa ambao udongo utakaokatwa utatosha kujaza. Njia inayowajia watu wengi ni kujumlisha vimo vyote 12 na kugawa kwa 12. Jumla ni 123.36, na wastani ni 10.28. Tukiutoa wastani huo katika kila kimo, vigingi sita viko juu, jumla ya kukata ikiwa mita 0.50. Vitano viko chini, na jumla ya kujaza nayo ni 0.50. Kimoja kiko sawasawa. Hesabu inapendeza, na hapo ndipo inapodanganya.

Mkandarasi wetu alichukua ile 0.50 akaizidisha kwa mita za mraba 400, eneo la mraba mmoja, akapata mita 200 za ujazo. Lakini vigingi 12 vikibeba mita za mraba 400 kila kimoja, shamba lingekuwa na mita za mraba 4,800, mara mbili ya lililopo. Kosa hili ni rahisi kuligundua: zidisha idadi ya vigingi kwa eneo ulilokipa kila kimoja, kisha linganisha na eneo la shamba.

Kosa la pili limejificha zaidi, nalo liko ndani ya wastani wenyewe. Kigingi cha kona, kama A1, kinagusa mraba mmoja tu. Kigingi cha ukingoni, kama A2, kinagusa miraba miwili. Kigingi cha ndani, kama B2, kinagusa minne. Kwa hiyo kila kona inabeba mita za mraba 100, kila kigingi cha ukingoni 200, na kila cha ndani 400. Wastani wa kawaida unavipa vyote uzito mmoja, na hivyo unazidhulumu sehemu za katikati.

Tukivipa vigingi uzito wa 1, 2 na 4, jumla ya uzito ni 24 na wastani unakuwa 10.32, au 10.3217 kwa ukamilifu. Tofauti na wastani wa kwanza ni kama sentimita 4. Inaonekana ndogo, lakini sentimita 1 juu ya jaruba hili ni mita 24 za ujazo. Sentimita 4 na ushee zinafika mita 100 za ujazo. Atakayesawazisha kwa 10.28 atamaliza kazi akiwa na rundo la udongo asilojua pa kulipeleka. Ukirudia hesabu ya usawa huo wa 10.28 kwa uzito sahihi, kukata ni mita 162 za ujazo na kujaza ni 62 tu. Hapo ndipo ilipotoka namba ya mpimaji wa skimu: uzito wake ulikuwa sahihi, ila alikuwa ameupokea usawa mbovu.

Kosa hili halionekani kila mahali. Kwenye shamba lenye mteremko mnyoofu usio na mgongo wala bonde, wastani wa kawaida na wastani wa uzito hutoa jibu lilelile, na ndiyo maana wengi huutumia kwa miaka bila kuumia. Linajitokeza shamba linapokuwa na tumbo au kitovu.

Kuna njia ya kulikwepa kabisa. Kigingi cha kwanza kisimikwe nusu ya nafasi kutoka ukingoni, yaani mita 10 ndani ya shamba, kisha vingine vifuate kila mita 20. Kila kigingi kitakuwa katikati ya mraba wake, vyote vitakuwa na uzito mmoja, na wastani wa kawaida utakuwa halali. Udhaifu wake ni kwamba hakuna kimo kinachosomwa ukingoni, mahali ambapo udongo wa tuta na wa mfereji hurundikana, na vipande visivyogawanyika vizuri kwa nafasi ya gridi hubaki na vibanzi visivyo na mwenyewe. Sioni sababu ya kuigombania njia moja dhidi ya nyingine. Ubaya ni kusimika vigingi kwa mtindo mmoja na kupiga hesabu kwa mtindo wa pili.

## Kujumlisha vigingi, au kwenda mraba kwa mraba

Sasa tuache usawa wa 10.28 na tuchukue 10.31, chini kidogo ya wastani wa uzito, kwa sababu udongo wa ziada utahitajika. Hapa kuna kambi mbili.

Kambi ya kwanza inajumlisha vigingi. Kina cha kukata au kujaza kwenye kila kigingi kinazidishwa kwa eneo lake, na basi. Kwa jaruba letu inatoka mita 120 za ujazo za kukata na 92 za kujaza. Nguvu ya njia hii ni wepesi. Inafanyika kwa kalamu na daftari chini ya mti, kosa linaonekana, na mkulima anaweza kuifuata mstari kwa mstari.

Udhaifu wake uko kwenye mraba ambao sehemu yake inakatwa na sehemu inajazwa. Fikiria mraba mmoja ambao pembe mbili za upande mmoja ziko sentimita 10 juu na mbili za upande wa pili ziko sentimita 10 chini. Kujumlisha vigingi kunatoa mita 20 za ujazo za kukata. Lakini ardhi haikatiki kama ngazi. Inashuka taratibu na kufika sifuri katikati ya mraba, hivyo kinachokatwa ni kabari ya mita za mraba 200 yenye kina cha wastani cha sentimita 5. Hizo ni mita 10 za ujazo. Njia imeongeza mara mbili.

Kambi ya pili inatumia kanuni ya pembe nne, ambayo ni ya zamani katika vitabu vya kusawazisha mashamba na inahesabu kila mraba peke yake:

```
Vc = (L²/4) × (ΣC)² / (ΣC + ΣF)
Vf = (L²/4) × (ΣF)² / (ΣC + ΣF)
```

`L` ni upande wa mraba, `ΣC` ni jumla ya vina vya kukata kwenye pembe zake, na `ΣF` ni jumla ya vina vya kujaza, vyote vikiandikwa bila alama ya kutoa. Kwa ule mraba wa kabari inatoa mita 10 za ujazo barabara.

Tuijaribu kwenye mraba wa mwisho wa jaruba letu, wenye pembe B3, B4, C3 na C4. Kwa usawa wa 10.31, B3 inakatwa mita 0.09. Nyingine tatu zinajazwa mita 0.11, 0.07 na 0.23, jumla 0.41. Kukata ni 100 mara 0.0081 gawa kwa 0.50, yaani mita 1.6 za ujazo. Kujaza kwa njia hiyohiyo ni 33.6. Ukifanya hivyo kwa miraba yote sita, jumla ya kukata ni 89 na ya kujaza ni 61.

Kwa hiyo shamba lilelile, kwa vimo vilevile na usawa uleule, lina mita 120 za ujazo kwa kambi moja na 89 kwa nyingine. Lakini toa kujaza katika kukata. Kambi ya kwanza: 120 toa 92 ni 28. Kambi ya pili: 89 toa 61 ni 28. Salio halibadiliki, wala haliwezi kubadilika, kwa sababu linategemea wastani wa uzito na eneo tu. Kinachobadilika ni udongo unaohesabiwa kwamba umetoka sehemu moja ya mraba na kuingia sehemu nyingine ya mraba uleule.

Hapo ndipo hoja ya mkandarasi inapopata uzito kidogo. Trekta lake halifuti udongo kwa hesabu, na hata udongo unaosogea mita tano ndani ya mraba umesukumwa. Lakini kanuni ya pembe nne haijauacha udongo huo, imeuhesabu kama kabari. Kinachoachwa ni udongo ambao haukuwepo kamwe, ule wa ngazi za kufikirika. Kwa malipo, naona pembe nne ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli.

Mbali na kambi hizi, wahandisi wa barabara huleta njia yao ya kukata sura za mipasuo na kuchukua wastani wa eneo la sura mbili zinazofuatana. Kwa barabara ndefu na nyembamba inafaa sana. Kwa jaruba lenye vina vya sentimita chache haina faida ya maana.

## Udongo wa ziada unakwenda wapi

Kila mwongozo wa kusawazisha mashamba unasema kukata kuzidi kujaza. Uwiano unaotajwa huwa kati ya 1.1 na 1.5, na maelezo yanayotolewa ni kwamba udongo uliojazwa hushikana ukanyagwapo na mashine na ulowapo maji. Maelezo hayo ni kweli, lakini hayatoshi, na ndiyo yanayowafanya watu wachague uwiano kama wanaochagua rangi ya shati.

Angalia kwanza uwiano ulivyo mwepesi kuyumba. Kwa kujumlisha vigingi, usawa wa 10.32 unatoa uwiano wa 1.04, na 10.31 unatoa 1.30. Kwa pembe nne, usawa uleule wa 10.31 unatoa 1.46. Sentimita moja imeuhamisha uwiano kutoka chini ya mapendekezo hadi katikati yake, kubadili njia kumeufikisha karibu juu kabisa, na ncha ya rula ya mpimaji ikikanyaga bonge badala ya shimo katika shamba lililolimwa hukosea sentimita moja bila mtu kujua. Kwa hiyo mtu anayesema "tumetumia uwiano wa 1.3" hajasema kitu mpaka aseme na njia ya hesabu.

Jambo la pili husahaulika zaidi, nalo ni matuta ya pembeni. Tuta la jaruba lenye upana wa sentimita 60 chini, 30 juu, na kimo cha sentimita 30 lina mita za ujazo 0.135 za udongo kwa kila mita ya urefu. Jaruba letu lina mzingo wa mita 200, hivyo matuta yote yanahitaji mita 27 za ujazo. Salio letu la 28 limeisha hata kabla udongo haujashikana sentimita moja! Pakiwa na matuta ya zamani, au tuta linalochangiwa na jirani, hesabu inapungua, lakini lazima ifanywe.

Afadhali basi kuacha uwiano wa kukisia na kuuhesabu udongo kwa matumizi yake. Tuseme kwa udongo huu kila mita moja ya ujazo iliyokamilika inahitaji mita 1.15 kutoka ardhini. Kwa usawa wa 10.31 tunahitaji kujaza 61 na matuta 27, jumla 88, na kwa kushikana inakuwa 101. Tunazo 89 tu. Tukishusha usawa nusu sentimita hadi 10.305, kukata kunapanda hadi kama 96.5 na kujaza kunashuka hadi 56.5. Mahitaji sasa ni 83.5 mara 1.15, yaani 96. Hesabu imekutana.

Ile 1.15 ndiyo namba dhaifu kuliko zote katika mlolongo huu. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama wa Mwea nchini Kenya, hupasuka ukikauka na kuvimba ukilowa, na kimo chake chenyewe hubadilika kwa msimu. Shamba kama hilo lipimwe mwanzo na mwisho likiwa katika unyevu unaofanana, la sivyo sehemu ya tofauti itakayoonekana itakuwa ni pumzi ya udongo.

Mkanganyiko mwingine hutokana na tela. Udongo ukichimbuliwa hufumuka, na kwa udongo wa mfinyanzi na tifutifu robo nzima si ajabu. Mita 89 zilizokuwa ardhini zinakuwa kama 111 juu ya tela, yaani safari 37 za tela la mita 3. Anayelipa kwa tela na anayelipa kwa gridi wanaweza kutofautiana kwa robo na wote wakawa wakweli. Udongo una ujazo wa aina tatu: ulipolala, ulipofumuka na uliposhikana. Gridi kabla ya kazi inapima wa kwanza.

## Yasiyoonekana kwenye gridi

Gridi ya mita 20 inaona mgongo wa shamba, lakini haioni kichuguu. Chukua kichuguu cha mchwa chenye kipenyo cha mita 6 na kimo cha mita 1.2. Kama koni, kina mita 11 za ujazo. Kikiwa kati ya vigingi, hesabu inakipa sifuri. Kigingi cha ndani kikisimikwa juu ya kilele chake, hesabu inaeneza mita 1.2 juu ya mita za mraba 400 na kukipa mita 480 za ujazo. Njia zote mbili, ya vigingi na ya pembe nne, hukosea sawasawa hapa, kwa kuwa kosa liko kwenye vimo.

Dalili yake ni kimo kimoja kinachoruka mbali na majirani zake wote. Dawa ni kusogeza rula hadi ardhi ya kawaida, kusoma hapo, na kukipima kichuguu peke yake. Vivyo hivyo kwa mfereji wa zamani, shimo la matofali na njia ya ng'ombe.

Kupunguza nafasi ya gridi kunasaidia, ila vigingi vinaongezeka haraka. Jaruba letu kwa gridi ya mita 10 lingekuwa na vigingi 35 badala ya 12. Kwa shamba lenye mgongo kama hili ningekubali gharama hiyo, maana ni asubuhi moja ya watu wawili. Kwa shamba lililokwisha kusawazishwa miaka iliyopita na linalohitaji marekebisho tu, mita 20 zinatosha. Mashine za leza husoma vimo vingi kuliko mtu anavyoweza, na hivyo huondoa sehemu ya tatizo hili, lakini leza haiamui udongo wa matuta utoke wapi.

Gridi pia haioni rutuba. Kwenye B2 tunakata sentimita 17 na ushee, karibu tabaka lote la udongo unaolimwa, na mpunga utakaopandwa hapo msimu wa kwanza utakuwa wa manjano. Ushauri wa kuondoa udongo wa juu kwanza, kusawazisha, kisha kuurudisha ni mzuri na ni ghali. Sentimita 15 za jaruba zima ni mita 360 za ujazo, karibu mara nne ya kazi ya kusawazisha yenyewe, nazo zinahamishwa mara mbili. Watu wenye busara huufanya pale tu ukataji unapozidi sentimita 10 au hivi, na kuongezea samadi.

## Jaruba moja au mawili

Baada ya hesabu zote kuna swali ambalo halimo kwenye kanuni, na ndilo linaloweza kuokoa udongo mwingi kuliko njia yoyote ya hesabu: je, ni lazima liwe jaruba moja?

Tukilikata kwenye mstari wa vigingi vya 3, tunapata jaruba la mita 40 kwa 40 lenye usawa wa 10.36, na jingine la mita 20 kwa 40 lenye usawa wa 10.245. Kwa pembe nne, bila ziada ya matuta wala kushikana, kukata ni mita 29 za ujazo kwa la kwanza na 18 kwa la pili, jumla 47. Jaruba moja kwa masharti hayohayo lingekata kama 73. Zaidi ya theluthi moja ya kazi imetoweka, na ukataji kwenye B2 umepungua hadi sentimita 12.

Bei yake ni tuta jipya la mita 40, lenye mita 5.4 za ujazo na mita za mraba 24 zisizopandwa, pamoja na tofauti ya kimo cha sentimita 11.5 kati ya majaruba mawili inayohitaji mlango wa maji wake. Pawatila nayo itageuza mara nyingi zaidi. Mwenye kulima kwa mkono au kwa pawatila atapata nafuu. Ushirika unaotaka mashine kubwa ya kuvuna ipite bila kukwama utaona jaruba kubwa linafaa, na mita 26 za ziada ni gharama ya mara moja. Hapa sina upande wa jumla, naangalia nani atavuna na kwa chombo gani.

## Kipi kiandikwe kwenye mkataba

Kwa jaruba hili ningepanga hivi. Usawa uchaguliwe kwa wastani wa uzito, kisha ushushwe kwa hesabu ya matuta na kushikana. Malipo yawe kwa ujazo wa kukata wa pembe nne, udongo ukiwa ulipolala. Mkataba utaje nafasi ya gridi, mahali kigingi cha kwanza kinapoanzia, alama ya kudumu iliyotumika na usawa wa mwisho, 10.305. Vimo 12 vya mwanzo vibandikwe nyuma ya mkataba na kutiwa saini na pande zote mbili kabla mashine haijaingia, kwa kuwa baada ya hapo hakuna wa kuvirudisha.

Kazi ikiisha, vigingi vilevile vipimwe tena, na hapo salio ndilo la kutazama, kwa kuwa halina mabishano ya njia. Wastani wa uzito ulikuwa 10.3217. Ukiwa sasa 10.305, shamba limepoteza mita 40 za ujazo: 31, yaani zile 27 mara 1.15, ziko kwenye matuta, na zilizobaki zimeishia katika kushikana kwa udongo. Ukiwa 10.29, zimepotea 76, na mita 36 za ujazo, safari 15 za tela zikiwa zimefumuka, hazimo kwenye matuta wala kwenye shamba. Mkandarasi aulizwe zimekwenda wapi kabla ya hundi kusainiwa.